Uliamkiana na Nani Siku Ile

Mume wangu ndiye aliyelipatia jambo lile jina lake. Nilipomwambia kwamba kampuni imeleta mchunguzi mwingine wa ndani, mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na kwamba kuanzia sasa mimi nitakuwa chini yake, aliweka kijiko kwenye sahani akacheka. "Basi umeletewa mke mwenza," alisema. Sikucheka. Nilikusanya vyombo kabla hajamaliza kula, akaenda kulala na njaa kidogo, na ilikuwa haki yake.

Kampuni yetu inakamua mafuta ya alizeti. Kiwanda kiko Singida mjini, na vituo vya kununulia mbegu vimetawanyika vijijini. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza malalamiko ya wafanyakazi: nani kamwonea nani, nani kafanya uzembe, nani kasingiziwa. Niliifanya peke yangu miaka mingi katika chumba kidogo kando ya mashine, kelele zikitingisha meza, na niliijua kama ninavyolijua jiko langu. Halafu akaja yeye kutoka Dodoma, amesomea, ana sauti ya taratibu na viatu visivyoshika vumbi. Meneja alimwita mtaalamu. Wapishi wa kantini walianza kumkatia nyama ya pajani.

Nilimwonea wivu. Wapo watu ambao wangesema walivunjika moyo, au walijisikia vibaya. Mimi niliona wivu, na ulizidi kwa sababu hakunipa pa kumshikia. Aliniita dada. Alinipisha mlangoni. Nikisema jambo, aliliandika. Ningempata na kosa moja la adabu ningelala usingizi mzuri.

Kesi yetu ya kwanza pamoja ilitoka kituo cha Shelui, kule barabara ya Nzega wanakolala madereva wa malori. Mbegu zilizopokelewa zikiwa na unyevu zilikuwa zimepata joto ghalani, zikaota ukungu, na safu nzima ya magunia ikaharibika. Karani wa mapokezi, msichana aliyekuwa na mwaka wa pili tu kazini, alisema msimamizi wa kituo alikuwepo lori lilipofika, akamwambia apokee mzigo ule ingawa kipimo kilionyesha ni mbichi. Msimamizi, mzee aliyeanzisha kituo kile, alisema hakuwepo kabisa. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kwenda msibani upande wa Sekenke, akaondoka mchana, na kabla ya kuondoka alimwagiza karani asipokee kitu mpaka arudi. Lori, fuso kubwa, lilikuja alasiri, likakwama langoni, na msichana akapokea kwa utashi wake.

Mmoja kati yao alikuwa anadanganya, na kila mtu kiwandani alishajua ni nani. Msichana alikuwa amesimamishwa kazi akisubiri uchunguzi. Alikuwa anamlea mama yake mgonjwa na wadogo zake kwa mshahara ule, na meneja alikwishatamka mbele yangu kwamba watoto wa siku hizi hawaambiliki. Tukirudi na maneno ya mzee, msichana hana kazi.

Mwenzangu hakutaka tuondoke siku ileile. Alinikalisha, tukagawa karatasi sehemu mbili: upande mmoja mambo ambayo wote wawili wanakubaliana, upande mwingine wanayopingana. Wanakubaliana kwamba lori lilikuja alasiri, kwamba mbegu zilikuwa mbichi, kwamba stakabadhi ina saini ya karani peke yake. Wanapingana jambo moja tu: mzee alikuwepo au hakuwepo. Tukaitisha nyaraka kwanza, maana mtu akishaketi mbele yako ni aibu kuanza kutafuta karatasi. Hazikutusaidia. Barua ya ruhusa ilitaja siku, haikutaja saa.

Kisha akapanga nani aitwe lini. Karani kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye lalamiko. Kisha mashahidi, kila mmoja peke yake. Msimamizi mwisho, ili asikie yote anayotuhumiwa na apate nafasi ya kuyajibu. Maswali ya msingi yawe yaleyale kwa wote wawili. Kila mmoja aambiwe anaweza kuja na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Hakuna kuahidi siri ambayo hatuwezi kuitunza. Na tusikae kituoni, kwa sababu kule ofisi ni ya msimamizi na mtu hawezi kumsema mwenye nyumba akiwa amekalia kiti chake. Nilikuwa nikiyafanya mengi ya hayo bila kuyapa majina, na kuyasikia yakitoka kinywani mwake kwa mpangilio kuliniuma kama kuona mtu amevaa kitenge changu na kimempendeza kuliko mimi.

Tulikodi chumba cha nyuma cha gesti moja iliyo mbali na barabara, chenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea uani, ili anayetoka asikutane na anayeingia. Mimi ndiye niliyekuwa naandika maelezo. Yeye alikuwa anauliza.

Msichana aliingia, akatushika mkono kwa mikono miwili, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja. Mwenzangu alimwambia, "Tuelezee siku ile tangu ulipofika kazini," kisha akanyamaza. Hakumsaidia neno. Msichana alieleza vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Alimaliza sentensi zake. Alimtazama mwenzangu machoni, na nikaona wanafanana: umri wao haukuachana sana, na wote wawili walikuwa na ule utulivu wa mtu ambaye amesifiwa tangu shule ya msingi. Nilianza kumchukia msichana kabla hajafika kwenye lori.

Makuli wawili wa kituo na mlinzi walikuja baada yake, na hapo ndipo tulipokwama. Mwenzangu aliwauliza kwa adabu lori lilipofika nani walikuwepo. Walitazama sakafu. Mmoja alisema alikuwa amebeba gunia, mtu mwenye gunia kichwani haangalii watu. Mlinzi alisema yeye huangalia gari, haangalii waliomo. Niliwajua. Walikuwa watu wazima wenye heshima zao, na hakuna ambaye angekubali isemwe kwamba yeye ndiye aliyemkana mzee. Mwenzangu aliwashukuru, akawaomba wasiyajadili na wenzao, na usoni nikaona kwa mara ya kwanza amechoka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Msimamizi alipoingia, tuliinuka sote wawili tukamwamkia. Alikuwa mrefu, mwenye mvi safi, na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Aliulizwa swali lilelile: siku ile tangu ulipofika kazini. Alieleza polepole. Alivyokijenga kituo, jinsi alivyofundisha makarani wanne kabla ya huyu. Jinsi huyu alivyoletwa na simu yenye programu ya kupimia, wakulima wakaanza kumpigia yeye kuulizia bei. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja mahali mvua ilipoishia. Kalamu yangu ilikimbia. Nilikuwa naandika, na moyoni nilikuwa nasema ndiyo, mzee, ndiyo, ndivyo wanavyofanya.

Mkewe alituma sufuria la kuku mchana, wa kienyeji, harufu yake ikajaza uani. Mwenzangu alitaka kulirudisha na mtoto aliyelileta. Nilimwambia hapana, utamvunjia mtu heshima. Nilikwenda mwenyewe, nikamwamkia mama yule, nikamwambia tumepewa masharti ya kazi ambayo hatuwezi kuyavunja kwa yeyote, tutakula kwake siku tukija kama wageni. Alikubali kwa shingo upande. Mama wa msichana naye alikuwa ametuma karanga za kukaanga, nikazirudisha kwa maneno yaleyale. Mwenzangu aliandika hayo yote mawili. Alisema hakujua kwamba kukataa chakula kuna namna yake. Nilijibu, "Utajuaje," kwa sauti ambayo sikuipenda hata mimi.

Dereva wetu alipokwenda kula, tulibaki wawili ndani ya gari la kampuni, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi la malori. Aliniuliza ninaonaje. Nilisema mzee anasema kweli. Aliniuliza kwa nini. Nikafungua mdomo nitoe sababu, na sikuipata hata moja. Maelezo yake hayakuwa na ushahidi zaidi ya yale ya msichana. Hakuna aliyeyathibitisha, kama vile hakuna aliyethibitisha ya msichana. Nilikuwa nimemwamini kwa sababu amepitwa. Waswahili husema mwamba ngozi huvutia kwake, na ngozi hii nilikuwa nimeikamata kwa meno.

Nikamwambia. Sikujua kwamba nitamwambia mpaka maneno yalipotoka. "Nina wivu na wewe," nilisema. "Tangu ulipokuja. Namwamini mzee kwa sababu naona kama ni mimi, na yule binti naona kama ni wewe. Kama unataka kuniondoa kwenye kesi hii, niondoe."

Nilidhani atatabasamu lile tabasamu la kusamehe, na kama angetabasamu nadhani ningeshuka nikapanda basi la kurudi nyumbani. Hakutabasamu. Alisema naye ana shida hiyohiyo kwa upande wa pili. Kila alikofanya kazi, alisema, wakubwa wake walimpa mkono wa kulia na kumchimbia shimo kwa mkono wa kushoto, na alipomsikiliza mzee alisikia sauti zao. Alimwamini msichana tangu alipovuka kizingiti.

Tuliandika hayo kwenye kumbukumbu za kesi, kwa ufupi, kila mmoja mistari miwili, ili atakayesoma ripoti ajue. Mwenzangu akampigia simu meneja, akamweleza, akampa nafasi ya kuleta watu wengine. Meneja alisema hana watu wengine, tuendelee, lakini ripoti ataipitisha pia kwa mwanasheria. Kisha tukabadilishana. Mimi nitafute kila linaloweza kuonyesha kwamba mzee hasemi kweli. Yeye atafute kila linaloweza kuonyesha kwamba msichana hasemi kweli. Sikuwahi kufanya kazi chungu kama ile, maana nilikuwa natafuta fimbo ya kujipigia mwenyewe.

Yeye alimwita tena msichana. Alimuuliza juu ya kupima, gunia kwa gunia, na msichana aliyekuwa anamaliza sentensi zake akaanza kuziacha katikati. Alikuwa amepima magunia ya juu tu. Tena hakuwa ameandika popote kwamba aliambiwa apokee mzigo mbichi, ingawa utaratibu ulimtaka aandike. Aliogopa, alisema. Hakuwa ametuambia hayo mara ya kwanza. Mwenzangu alitoka chumbani uso umesawijika, na nikajua ladha anayoisikia.

Zamu yangu ikawa makuli na mlinzi. Nilikaa nikafikiri: usiwaulize kilekile kwa sauti nyingine, watakupa sakafu ileile. Kwetu huwezi kumlazimisha mtu amtaje mzee kwa ubaya. Lakini hakuna mtu wa kwetu anayepita mbele ya mkubwa bila kumwamkia, na hakuna anayesahau alimwamkia nani, kwa sababu kusahau ndiko kunakoleta ugomvi. Swali lisimtaje mzee, lisimtaje msichana, lisilaumu mtu. Na aulizwe kila mmoja kwa maneno yaleyale, hata ambaye jibu lake lingemsaidia mzee. Nilimsomea mwenzangu swali langu. Alibadilisha neno moja tu, akasema anatamani lingekuwa lake. Maneno hayo niliyameza kama asali, nisiwe mnafiki.

"Siku ile fuso lilipokwama langoni," nilimuuliza kuli wa kwanza, "uliamkiana na nani tangu ulipofika mpaka ulipoondoka?"

Uso wake ulifunguka. Hilo lilikuwa swali la heshima. Alianza na mama muuza chai, akaja kwa mlinzi, wakataniana kidogo, akamwamkia binti wa mapokezi kwa habari za kazi. Mchana aliwaamkia watu wa basi lililoharibika. Fuso likakwama, likavutwa, wakaanza kushusha. "Ndipo nikamwamkia mzee," alisema, "alikuwa kwenye kivuli cha ghala na begi lake la safari. Akasema marahaba, fanyeni haraka kabla jua halijazama." Alipomaliza kusema alisikia alichokisema. Alinitazama. Sikutikisa kichwa wala kukunja uso, nikamuuliza kisha ukamwamkia nani tena.

Wa pili hakumwona mzee, kwa sababu alichelewa kufika, nami niliandika hivyo kwa urefu uleule. Mlinzi alimkumbuka vizuri kuliko wote. Alikuwa na kipande cha muhogo mdomoni mzigo ukishushwa, hakuweza kuamkia, na mzee akamkaripia mbele ya dereva wa fuso, akimuuliza amelelewa wapi. Jambo lile lilikuwa bado linamuuma.

Tukamwita mzee mara ya pili, kwa sababu hatuwezi kuandika kwamba mtu hakusema kweli bila kumpa hayo ana kwa ana. Alikuja na mtu wa chama, mkimya, aliyekaa pembeni. Safari hii mwenzangu alisema mimi niulize. Sikutaja majina. Nilimwambia watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, bila sisi kuwauliza habari zake, wamesema walikuwa naye ghalani mzigo ukishushwa. Nilimwambia pia yupo ambaye hakumwona. Nikamuuliza anaelezaje.

Mtu wa chama alimwinamia, akamwambia anaweza kuomba muda. Akakataa. Kisha alianza kueleza, na alieleza kwangu, kana kwamba mwenzangu hayupo. Msibani alikwenda kweli, lakini jioni. Alikuwepo. Aliona mbegu ni mbichi, akasema pokea, akijua zitaharibika na kwamba saini ni ya msichana. "Wewe mama unanielewa," alisema mwishoni. "Umri wako unanielewa."

Nilimwelewa mpaka kwenye mifupa. Nilichosema ni, "Mzee, nitakuuliza mambo mawili zaidi kuhusu magunia." Nikauliza, akajibu.

Msichana angebaki na kazi yake, labda na onyo kwa yale ambayo hakuyaandika. Ya mzee yangeamuliwa na wengine, kwenye kikao chake. Sisi hatuhukumu, tunasema lililothibitika na lisilothibitika. Lilikuwa limebaki jambo moja, kumsomea mzee maelezo yake kabla hajaweka saini, na maelezo huandikwa kwa maneno ya mwenye kusema, kwa "mimi" yake. Macho yake hayakuweza kusoma mwandiko. Mwenzangu alinyoosha mkono achukue karatasi asome yeye, nadhani alitaka kuniokoa. Nikasema nitasoma.

Nikasoma kwa sauti, mbele yake, mbele ya mtu wa chama, mbele ya mwanamke yule wa Dodoma. "Nilikaa kituo hiki tangu kikiwa uwanja mtupu. Alipokuja yeye, watu walianza kunipita kwenda kumwamkia yeye kwanza. Hakunikosea kitu. Angenikosea ningepumzika. Nilimwonea wivu, nikataka aonekane hafai." Nikaendelea mpaka mstari wa chini, kwa mwendo uleule niliosoma maelezo ya wengine wote.

Mwenzangu hakuniangalia. Aliangalia meza.

"Kuna neno la kubadilisha?" niliuliza.

"Hakuna," alisema mzee. "Ndivyo ilivyo."

Nikamsogezea kalamu, nikamwonyesha mahali pa kuweka saini.